Mlio Mmoja kwa Katoni Arobaini na Nane

Tangu Jumatatu Bi Chapuchapu alikuwa hali chakula kikapita. Anatafuna, anameza, na alichokimeza kinagota kifuani kama kimesahau njia. Mumewe akamshauri akapime vidonda vya tumbo. Lakini yeye alijua kwamba ugonjwa wake ulikuwa karatasi moja iliyolala mezani kwake ghalani, yenye swali moja, mistari au redio, na chini ya swali hilo nafasi ya kuweka saini yake. Bosi alitaka jibu Ijumaa.

Mistari ni ile milia myeusi unayoiona kwenye kila kitu kinachouzwa, tangu sabuni hadi tairi. Unaielekezea skana, skana inalia pii, kompyuta inajua mzigo ni upi. Lazima uione ndipo uisome, na unaisoma mmojammoja. Redio ni kitu kingine. Ni tagi nyembamba kama stika, ndani ina kijiwaya na chembe ya kumbukumbu, haina betri. Ukiipitisha kwenye geti lenye antena, geti linaiamsha, nayo inajitaja kwa namba yake. Katoni mia zinaweza kupita pamoja kwenye paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mzigo, na kila moja ikajitaja bila mtu kuinama. Ukiambiwa hivyo na muuzaji aliyevaa viatu vinavyong'aa, utadhani umeletewa malaika wa hesabu.

Ghala lenyewe halikuwa kubwa la kutisha wala dogo la kuchekwa. Milango minne ya kupakulia, rafu za chuma za ghorofa tano, foklifti mbili za kunyanyulia mizigo, watu thelathini na mmoja. Walihifadhi vifaa vya hospitali: glovu, sindano, bandeji, na zaidi ya vyote dripu. Dripu za maji ya chumvi na dripu za maji ya sukari, kutoka kiwanda kimoja, kwenye katoni za rangi moja ya kahawia. Tofauti yake ilikuwa utepe mwembamba pembeni, wa buluu kwa chumvi na wa kijani kwa sukari, pamoja na maandishi madogo ambayo mtu mwenye haraka hayaoni. Na pale ghalani, nani hakuwa na haraka?

Balaa lilianzia hapo. Wiki tatu nyuma, ghala lilipeleka katoni arobaini na nane za chumvi kwenye hospitali kubwa, mteja wao mkuu. Katoni sita kati yake zilikuwa za sukari. Mfamasia wa hospitali, mwanamke mpole mwenye macho ya kukagua, ndiye aliyezibaini alipokuwa akizipanga stoo. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Lakini aliandika barua, na barua yake haikuwa pole kama yeye. Alisema mgonjwa wa kisukari akitundikiwa chupa isiyo yake, hapatakuwa na barua nyingine, patakuwa na mahakama. Kisha akatoa mwezi mmoja. Ghala lionyeshe jinsi litakavyohakikisha kosa halirudii, la sivyo hospitali itatafuta ghala jingine.

Hospitali ikiondoka, nusu ya rafu zingebaki tupu, na watu wasingelipwa kwa kulinda rafu tupu. Hilo kila mtu alilijua, hata mfagiaji.

Bosi alikuwa amerithi ghala kwa baba yake na alikuwa na pupa ya kuonyesha kwamba hakurithi vyumba tu. Siku barua ilipofika alifanya mambo mawili. Alimwita muuzaji wa mitambo ya redio, na alimsimamisha kazi mtu aliyeipokea ile paleti. Mtu huyo alikuwa mpokeaji wa mlango wa pili, ghala zima likimwita Kimya, kwa kuwa alisema maneno kumi kwa siku na manane yalikuwa salamu. Kimya alikuwa kaka wa mume wa Bi Chapuchapu. Shemeji yake. Na ni yeye Bi Chapuchapu aliyemtafutia kazi hiyo miaka mitano iliyopita, Kimya alipopunguzwa kazi kiwandani.

Basi Jumanne Bi Chapuchapu, msimamizi wa ghala, alikaa na kikokotoo akijaribu kuwa mtu wa haki kwa mashine mbili. Upande wa mistari: lebo moja ilikuwa na bei ya kutupa, skana walikuwa nazo sita, zilizohitajika kuongezwa ni nne tu. Upande wa redio: tagi moja iligharimu karibu mara kumi ya lebo. Kiwandani hawakuwa wakibandika tagi, kwa hiyo kila katoni iliyoingia ingebandikwa pale mlangoni, kwa mikono ya mtu. Mageti manne na antena zake, programu mpya, fundi wa kuyapima na kuyasahihisha. Alipofika mstari wa mwisho alifuta miwani akadhani ameongeza sifuri. Hakuwa ameongeza. Ilikuwa hela ya kununua foklifti ya tatu na chenji ikabaki.

"Kilicho ghali ni makosa," bosi alikuwa amemwambia akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari zikilia mkononi. "Wewe niambie kimoja tu, Bi Chapu. Kipi hakikosei?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwa sababu ili kujibu kipi hakikosei, ilibidi kwanza ajue kosa lilitoka wapi. Alifungua kumbukumbu za skana kwenye kompyuta akatafuta siku ya ile paleti. Akaiona. Mlango wa pili, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, dripu ya chumvi. Mlio mmoja. Pembeni yake, kwenye safu ya idadi, namba iliyopigwa kwa kidole: 48.

Aliitazama namba ile mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Msomaji, huyu mwanamke hakuitwa Chapuchapu kwa sababu ya mwendo. Miaka sita nyuma, marehemu baba yake bosi akiwa hai, yalifika malori matatu kwa mpigo, mvua inanyesha, skana mbili tu na moja imekufa betri. Watu walikuwa wakipiga skana katoni mojamoja na madereva wakitukana mmojammoja. Ndipo yeye, wakati ule mpokeaji wa kawaida, alipogundua kitufe cha idadi. Unapiga katoni moja, unabonyeza kitufe, unaandika ziko ngapi, umemaliza paleti. Malori yote yalikwisha kabla ya chakula cha mchana. Mzee alimshika mkono mbele ya watu wote, akampa jina, na mwaka uliofuata akampa na usimamizi. Na yeye akawafundisha wote waliokuja baada yake, kwa msemo alioutunga mwenyewe na kuuonea fahari: "Katoni ni mapacha. Ukimsalimia mmoja umewasalimia wote."

Hakuna aliyemwambia kwamba mara mojamoja kiwanda kikimaliza kufunga chumvi na kuanza sukari, paleti ya katikati huchanganyika, juu hizi, chini zile. Au labda aliwahi kuambiwa. Alipojiuliza kwa uaminifu, alikumbuka dereva mmoja aliyewahi kumtania kuhusu jambo hilo, naye akacheka.

Jumatano baada ya kazi alikwenda kwa shemeji yake. Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anaunga mguu wa kiti uliovunjika. Viti vingine vitatu vilikuwa vimeshaungwa, vimepangwa ukutani. Mtu akikaa nyumbani wiki tatu, hata viti vizima hujikuta vimetengenezwa.

"Karibu, shemeji," alisema.

Mkewe alileta chai, akaiweka chini badala ya mezani, akarudi ndani bila kuuliza habari za watoto. Bi Chapuchapu aliuelewa ujumbe ule vizuri kuliko kama angetukanwa.

"Barua imekuja?" aliuliza.

"Wamesema Ijumaa."

"Wamekuuliza nini siku ile?"

"Kama ni mimi niliyepokea. Nikasema ni mimi."

"Na hukusema lingine?"

Kimya alipuliza vumbi la mbao kwenye mguu wa kiti. "Niseme nini?"

"Kwamba ulipiga moja tu ukaandika arobaini na nane."

"Nilipiga moja."

"Kwamba mimi ndiye niliyekufundisha!"

Kimya alinyanyua macho. Hayakuwa na hasira, na afadhali yangekuwa nayo. "Shemeji, wewe ulinipa kazi wakati hata ndugu zangu wengine hawapokei simu zangu. Nikutaje nipate nini? Watatufukuza wote wawili. Hivi angalau mmoja anabaki." Akarudi kwenye kiti chake. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo, na alionekana kuchoka baada yake.

Bi Chapuchapu alirudi nyumbani kwa miguu, akipita njia ndefu. Aliona aibu, aibu ya moto masikioni. Lakini zaidi ya aibu aliona woga, na tusimpambe, woga ndio ulikuwa mkubwa. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Usimamizi ule ndio uliolipa ada za watoto wawili. Na njia ya kutokea ilikuwapo, nyeupe kabisa: aandike redio. Bosi aipende, muuzaji alipwe, mistari ilaumiwe, mambo yapite. Kimya angeondoka, ndiyo, lakini ameshakubali mwenyewe kuondoka. Nani angefukua?

Aliigeuza hiyo njia kichwani usiku na asubuhi, na kila mara iligongwa na jambo lilelile. Tagi ingebandikwa na nani?

Alhamisi muuzaji alileta geti la majaribio, nguzo mbili za kijivu, akazisimamisha mlango wa pili. Bosi alikuja na mfamasia wa hospitali, maana alitaka aone kwa macho yake. Wapakuaji walijipanga nyuma kama watu wanaosubiri mchezo wa sarakasi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la glovu. Katoni arobaini na nane zenye tagi zikapita juu ya foklifti, na kabla dereva hajavuta pumzi skrini ikaandika 48. Watu wakapiga makofi. Bosi akamtazama mfamasia kwa jicho la unaona mambo hayo.

"Glovu ni kavu," alisema Bi Chapuchapu. "Sisi tunaishi kwa dripu. Tujaribu dripu."

Muuzaji alikohoa kidogo. Walipopitisha paleti ya dripu, skrini ikaandika 29. Muuzaji akaeleza, na kwa haki yake hakudanganya, kwamba maji hunyonya mawimbi ya redio, hivyo tagi zilizobanwa katikati ya katoni za maji hazisikiki. Akapanga upya, akageuza tagi nyingi zitazame nje, akataka foklifti ipite polepole. Ikaja 44. Mara ya tatu ikaja 61.

"Mzigo umezaa njiani!" mpakuaji mmoja akapaza sauti, na kicheko kikapasuka. Kumbe ile paleti ya glovu ilikuwa imeachwa hatua tatu kutoka getini, na baadhi ya tagi zake nazo zimeitikia. Muuzaji alifuta jasho. Alisema hayo yanarekebishika: kupunguza nguvu ya antena, kuweka ngao pembeni, kutumia tagi maalumu za vitu vya maji. Bei yake? Kama mara tatu ya hizi. Bosi hakucheka tena, lakini hakukata tamaa pia. Mtu akishapenda gari haoni bomba la moshi limetoboka.

"Tufanye paleti ndogo," alisema muuzaji. "Kama ile pale kando ya mlango, katoni kumi na mbili, kila moja uso wake nje. Mtaona usahihi wake."

Bi Chapuchapu ndiye aliyeiandaa. Tangu saa moja asubuhi ilikuwa pale, katoni kumi na mbili katika safu mbili. Kumi na moja zilikuwa chumvi. Moja, ya safu ya chini, ilikuwa kati ya zile sita zilizorudishwa na hospitali, na aliigeuza utepe wake utazame ndani. Alikuwa bado hajaamua atasema nini. Alikuwa ameamua tu kuiweka.

"Tagi zibandikwe hapahapa," alisema. "Kama itakavyokuwa siku zote mzigo ukifika."

"Hakuna shida, mama." Muuzaji alichukua skana, akapiga katoni ya juu. Pii. Kompyuta yake ndogo ikaandika dripu ya chumvi. Akauliza, bila kugeuka, "Zote ni sawa, eti?"

Bi Chapuchapu aliitazama katoni ya safu ya chini. Ni bosi aliyejibu, akitazama saa yake. "Zote sawa. Piga kumi na mbili, twende."

Muuzaji akaandika 12. Printa ndogo ikatema tagi kumi na mbili, kila moja na namba yake na zote zikisema chumvi. Wakazibandika. Paleti ikapita getini. Skrini ikaandika 12 kati ya 12, kwa maandishi ya kijani, na chini yake: usahihi asilimia mia.

"Enhe!" bosi akapiga kofi moja. "Sasa hiyo ndiyo lugha ninayoielewa."

Bi Chapuchapu alitembea hadi kwenye paleti. Hatua nane. Baadaye alisema kwamba alikuwa akizihesabu. Alichutama, akaivuta katoni ya safu ya chini, akaigeuza. Utepe wa kijani. Mfamasia alisogea, akainama, akasoma maandishi, kisha akaisoma ile tagi mpya iliyobandikwa juu yake.

"Hii ni sukari," alisema mfamasia. "Na mashine yenu imenithibitishia kwamba ni chumvi."

"Mashine imesoma ilichoambiwa," muuzaji akasema haraka. "Kosa ni la aliyebandika."

"Aliyebandika ni wewe, kaka," mfamasia akamjibu.

Wapakuaji wakasogea kuiona katoni ile. Hata dereva wa foklifti aliizima, akashuka. Bosi alikuwa mwekundu wa macho. Alimtazama muuzaji, akaitazama katoni, na Bi Chapuchapu aliona jinsi lile "zote sawa" lilivyokuwa likimrudia bosi mdomoni kama kitu kichungu.

Mfamasia ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. "Ile paleti yangu ya wiki tatu zilizopita. Nayo ilipokelewa hivi?"

"Hivihivi," alisema Bi Chapuchapu. "Ilipigwa moja, ikaandikwa arobaini na nane."

"Ni yule Kimya," bosi akadakia. "Tumeshamchukulia hatua. Barua yake inatoka kesho."

"Bosi." Bi Chapuchapu alisimama. "Ukimfukuza huyo, wafukuze na hawa wote waliosimama nyuma yangu. Wote wanapiga moja. Nenda kafungue kumbukumbu, paleti baada ya paleti, mlio mmojammoja. Mimi ndiye niliyewafundisha. Miaka sita. Jina hili mnaloniita lilitokana na jambo hilo. Shemeji yangu alifanya nilichomwambia, na akanyamaza ili nisiguswe."

Aliinyooshea kidole ile tagi mpya.

"Ulitaka kujua kipi hakikosei. Redio inahesabu upesi, hilo nimeliona, na kwa glovu labda siku moja tutaihitaji. Lakini haiwezi kuona kilichomo ndani ya katoni. Inataja jina lililobandikwa. Mistari ya kiwandani iko kwenye kila katoni tayari, imewekwa na aliyefunga mzigo, anayejua alichoweka. Hatuhitaji kuinunua. Tunahitaji kuisoma. Yote. Kitufe cha idadi kifungwe kwenye skana zote, kisifanye kazi hata kwangu. Mtu apige mistari ya kiwandani, halafu apige lebo yetu yenye namba ya katoni ile peke yake, ili asiweze kupiga moja mara kumi akadanganya. Lori la dakika arobaini litachukua saa mbili kasoro. Tutaongeza watu wawili mlangoni. Nimepiga hesabu. Mishahara yao ya miaka mitano haifiki bei ya mageti."

"Kwa hiyo wewe," bosi alisema taratibu, "umekaa hapa na karatasi yangu tangu Jumatatu ukijua."

"Nimejua tangu Jumanne."

"Na ungesaini redio?"

Angeweza kusema hapana. Ingependeza, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. "Nilikaribia," alisema.

Mfamasia alifunga daftari lake. Alisema hospitali itatoa miezi mitatu kwa mistari, na kila wiki atakuja mwenyewe kufungua paleti moja atakayoichagua yeye. Akikuta katoni moja tu isiyo mahali pake, safari imeishia hapo. Kisha akaaga. Muuzaji alifungasha nguzo zake bila kuongea, na kwa kweli yule mtu alistahili kuonewa huruma, maana mashine yake ilifanya kila kitu alichosema itafanya.

Ijumaa zilitoka barua mbili. Ya Kimya ilimrudisha kazini. Ya Bi Chapuchapu ilimvua usimamizi na kumpeleka mlango wa pili, mpokeaji, mshahara wa mpokeaji. Bosi alimkabidhi mwenyewe, hakumtazama usoni, akasema baba yake angefanya hivyohivyo. Bi Chapuchapu hakuwa na hakika, ila alishukuru. Nyumbani mumewe aliisoma mara mbili, akauliza ada ya mtoto wa mwisho italipwa na nini. Yeye akachukua kikokotoo. Walipiga hesabu na barua ile katikati ya meza, na hakuna aliyemlaumu mwenzake, lakini hakuna aliyecheka pia.

Jumatatu lori la kwanza lilirudi nyuma hadi mlango wa pili saa mbili na nusu. Kimya alikuwa ameshafika, amevaa glovu za kazi. "Umeamkaje, shemeji," alisema, na ikawa basi. Yeye aliinua, mwanamke akapiga. Pii ya kiwandani, pii ya lebo yao. Geuza. Pii, pii. Kila katoni kilo kumi na moja, na mgongo wa miaka arobaini na tisa una kumbukumbu nzuri kuliko kompyuta. Kwenye katoni ya ishirini dereva akapiga honi. Kwenye ya thelathini akashuka.

"Jamani, Bi Chapuchapu! Leo wewe? Umelala usingizi?"

Wapakuaji walicheka, naye uso ukamwaka moto. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kona ya skana, mahali kilipokuwa kitufe cha idadi, kwa mazoea ya miaka sita. Kikabonyeza. Skana haikufanya kitu. Kimya alikiona kile kidole. Aliinua katoni ya thelathini na moja, akaigeuza upande wa mistari, akamsogezea usawa wa mkono na kuishikilia pale, bila kuitua, mpaka Bi Chapuchapu alipoipiga.

Walipomaliza arobaini na nane, skrini ilionyesha chumvi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Hapakuwa na sukari hata moja. Dakika thelathini nzima, honi, matusi, mgongo, na paleti ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Zote sawa," alisema Bi Chapuchapu, na alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa karibu na kilio. "Zilikuwa sawa tu, shemeji."

Kimya alijifuta jasho kwa kiwiko. "Sasa tunajua," alisema, akaenda kuvuta paleti ya pili.